Kobe Aomba Ruhusa

Watu wa chumba cha kufulia walimwita Kobe, na si kwa sababu ya mwendo. Miguu yake ilikuwa mizuri tu. Aliitwa Kobe kwa sababu ya shingo. Kila Bwana Rula alipotokea mlangoni, shingo ya huyu mtu ilizama mabegani, kikabaki kichwa kimekalia kola ya ovaroli kama kifuniko juu ya sufuria. Bwana Rula akipita, shingo inarudi. Watu walikuwa wakijua msimamizi yuko wapi kwa kumtazama Kobe tu, hawakuhitaji kugeuka.

Huyo Bwana Rula alikuwa mkuu wa idara ya kufulia katika hoteli ile, chini kabisa, huko ambako wageni hawafiki. Jina alilipata kwa rula ya bati aliyotembea nayo mfuko wa nyuma. Alipima mikunjo ya mashuka. Mkunjo ukienda kombo kidogo, shuka zima linafunguliwa mbele ya watu na mwenye kosa analikunja upya huku rula ikigongagonga meza. Hakutukana wala kupiga kelele, na hilo ndilo lililotisha, kwa sababu mtu anayetukana utajua amefika mwisho. Bwana Rula hukujua mwisho wake uko wapi.

Kobe aliendesha mtambo wa pasi, ule wenye silinda za moto unaomeza shuka bichi upande huu na kulitema upande wa pili limenyooka kama maji ya mtungi. Alikuwa fundi hasa. Lakini kwa mdomo, masikini, alikuwa sifuri. Akitaka maji ya kunywa alisubiri mtu mwingine apate kiu.

Sasa mtu wa namna hiyo akapata jambo la kusema.

Mkewe alikuwa mjamzito wa mtoto wa pili. Wa kwanza alipozaliwa, damu ilimtoka mama mpaka wauguzi wakaanza kukimbia, na Kobe siku hiyo alikuwa kwenye mtambo, simu yake imefungwa kabatini kama sheria ilivyotaka. Alifika hospitali akamkuta jirani amesaini karatasi akijiita kaka. Mke alipona kwa kudra tu. Safari hii daktari hakutaka kubahatisha. Alisema mama atafanyiwa upasuaji Alhamisi asubuhi, alazwe Jumatano, na mume awepo tangu kulazwa: kuna karatasi za kusaini, na kuna damu ya kutoa, maana ya Kobe ilikuwa imepimwa ikaonekana inafaa. Daktari aliyasema hayo akimwangalia Kobe usoni. Kobe akaitikia kwa kichwa kama anayekubali hukumu.

Alipotoka pale hofu zilikuwa mbili tumboni, moja imebebwa na nyingine. Ya kwanza ilikuwa kumpoteza mke. Ya pili ilikuwa kumwomba Bwana Rula ruhusa. Aibu yake ni kwamba usiku ule hakujua ni ipi iliyomnyima usingizi.

Siku tatu alijaribu. Siku ya kwanza alikwenda hadi mlango wa ofisi, akasikia rula inagonga meza ndani, akageuka kama aliyekuwa akitafuta ndoo. Siku ya pili Bwana Rula mwenyewe alisimama kando ya mtambo akauliza kama kuna tatizo. Kobe akasema mvuke uko sawa. Siku ya tatu alikuja na barua.

Barua yenyewe ilikuwa kurasa mbili. Ilianza kwa unyenyekevu mkubwa na moyo uliopondeka, ikapita kwenye ukoo wake, ikaeleza historia ya ndoa, na neno likizo lilijitokeza karibu na mwisho kama mgeni aliyepotea njia. Mpango wake ulikuwa kuisukuma chini ya mlango wakati wa chai, kisha ajifiche nyuma ya mashine za kukaushia.

Shangazi akamwona. Shangazi alikuwa mama mtu mzima wa pasi za mkono, mwenye kunyoosha mashati ya mameneja, na kila mtu mle ndani alikuwa mpwa wake apende asipende. Alimnyang'anya ile barua, akaisoma huku pasi yake inatoa mvuke, akacheka mpaka akaiweka pasi chini.

"Mwanangu, hii ni barua ya ruhusa au ya kuomba kuzikwa?"

Kisha akaacha kucheka akamweleza. Kulikuwa na fundi mabomba kabla ya Kobe kuja. Naye aliacha barua mezani, akaenda zake kusubiri majibu. Bwana Rula akatoka nayo, akasema mbele ya watu kwamba mtu mwenye miguu na mdomo anayemtumia barua hatua kumi kutoka ofisini anamwona yeye ni sanduku la posta. Ruhusa hakupata. Si kwamba sababu ilikuwa mbaya, ila karatasi ikitangulia, mkubwa anahisi amewekwa kitako na kuamriwa. "Kwanza unakwenda wewe," Shangazi akasema. "Akuone uso. Karatasi ina siku yake, si leo."

Akamfundisha na wakati. Usiende wakati wageni wanaondoka na mashuka yanamwagwa kama mchanga. Usimvizie kwenye korido mbele za watu, atakataa ili aonekane ana nguvu. Nenda akishamaliza kuhesabu mashuka ya asubuhi, ameshika kikombe cha chai, mkono wenye kikombe haushiki rula. Na usiende na shida peke yake. Nenda na shida na dawa yake: siku gani, mpaka lini, na mtambo atashika nani.

Hilo la mtambo Kobe alikuwa hajaliwaza kabisa. Siku hiyo hiyo alimfuata binti wa kukunja, msichana mwenye mikono myepesi ambaye siku zote aliutazama ule mtambo kwa tamaa, akamwomba amshikie. Binti akakubali kabla hajamaliza sentensi. Kobe akaanza kumfundisha: shuka linaingizwa vipi bila vidole kulifuata, kitufe chekundu kiko wapi, harufu gani ikitokea unazima kwanza halafu ndipo unauliza.

Jumanne, tarehe sita, chai ilipoingia ofisini, Kobe aliifuata. Alibisha hodi. Mkono uliobisha ulikuwa umelowa, si kwa mvuke.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtambo umekufa?"

"Haujafa, mzee."

"Kuna mtu amekufa?"

"Hapana."

"Basi mbona uso umeubeba kama jeneza? Sema."

Shingo ilikuwa imezama mpaka masikio. Kobe aliiona rula mezani, karibu sana na kikombe. Akamwona mkewe kitandani, na muuguzi akikimbia. Akasema yote kwa pumzi moja, kama alivyokuwa akiyakariri mbele ya mashuka wiki nzima: kwamba mke atafanyiwa upasuaji wa uzazi Alhamisi ya wiki ijayo, analazwa Jumatano, hospitali inamtaka mume asaini na kutoa damu, kwamba anaomba kutumia siku zake za likizo ya mwaka, kuanzia Jumatano hiyo hadi Jumanne inayofuata, kwamba mtambo ataushika binti wa kukunja, ameshakubali, na anaendelea kumfundisha.

Bwana Rula alikunywa chai. Alikunywa taratibu, mtu angedhani anaipima.

"Jumatatu hiyo napokea wageni wa mkutano, hoteli nzima," alisema. "Jumatatu nakutaka wewe."

Bwana Rula akanywa funda jingine.

"Jumatano hadi Jumapili. Jumatatu zamu ya asubuhi uko kwenye mtambo."

"Nitakuwepo, mzee."

"Basi nenda. Na huyo binti asinichomee mashuka."

Kobe alitoka akiwa amesahau namna ya kufunga mlango. Shangazi hakuhitaji kuuliza, aliiona shingo, imetoka yote. Watu wakampigia vijiko kwenye vikombe. Mmoja akasema kumbe Kobe ana ulimi, siku zote alidhani ni kipande cha shuka.

Shangazi alingoja kelele ziishe. "Sasa andika," akasema.

"Niandike nini tena, Shangazi? Si ameshakubali?"

"Neno la mdomo ni mvuke, mwanangu. Unauona, hata unakuchoma. Ukigeuka haupo."

Hapo hofu ikamrudia Kobe kwa mlango wa nyuma. Kuomba kulikuwa kugumu, lakini hili aliliona baya zaidi. Mtu amekupa neno lake, halafu unamrudia na karatasi, si ni kumwambia usoni kwamba humwamini? Bwana Rula, ambaye hata mkunjo hauamini mpaka aupime, akihisi anapimwa yeye? Si ataifuta ruhusa palepale? Kobe akajiambia aliyekalia kuti kavu asilitikise. Alikwenda nyumbani na uamuzi huo.

Mkewe alikuwa amekaa kitandani, miguu imevimba, anakunja vinguo vidogo. Alimsikiliza mpaka mwisho. Alifurahi kwa ile ruhusa, akacheka kwa yale ya jeneza. Hadithi ilipofika kwenye karatasi, hakucheka.

"Mwenzangu," akasema, "unamwogopa huyo bwana kuliko unavyoogopa kunizika mimi?"

Hakusema kwa hasira. Aliendelea kukunja. Kobe akatafuta kalamu.

Asubuhi alimpelekea Shangazi karatasi yake, fupi safari hii. Shangazi akaisoma na kukunja uso kama aliyeonja chumvi kwenye chai. Ilianza: Naomba likizo kuanzia Jumatano hadi Jumanne.

"Unaomba mara ya pili? Ulishapewa. Mtu akiombwa anaweza kukataa, wewe unamfungulia mlango wa nini? Na hii Jumanne imetoka wapi?"

Kobe alitazama viatu vyake. Jumanne aliichomekea akitumaini kwamba katika haraka ya kusoma labda itapita.

"Ikipita ni wizi, na isipopita utakosa hata hiyo Jumatano. Andika mlichokubaliana, si ulichotamani. Na uweke tarehe. Kila wiki ina Jumatano yake."

Akaandika tena, juu ya meza ya pasi, Shangazi akimsimamia kama mtihani. Ikatoka hivi:

*Tarehe 7. Mzee, asante kwa kunipa ruhusa tulipozungumza ofisini kwako jana, tarehe 6. Kama tulivyokubaliana, nitakuwa likizo kuanzia Jumatano tarehe 14 hadi Jumapili tarehe 18, katika siku zangu za mwaka, kwa ajili ya upasuaji wa mke wangu. Nitarudi kazini Jumatatu tarehe 19, zamu ya asubuhi. Mtambo wa pasi utashikwa na binti wa kukunja, naye amekubali. Nikihitajika kwa dharura nitapatikana kwa simu. Kama kuna nililokosea, tafadhali nisahihishe.*

Akaandika na jina lake kamili, lile ambalo mle ndani hakuna aliyelijua. Shangazi akamwambia anakili ya pili, sawa na ya kwanza. Moja yake, moja ya mkubwa.

Bwana Rula alizitazama zile karatasi mbili bila kuzigusa.

"Nini hii? Kesi?"

"Hapana, mzee."

"Nimekwambia nenda. Huniamini?"

Hili Shangazi hakumfundisha. Kobe alisema la kwanza lililokuja.

"Nakuamini, mzee. Ila wewe una watu wengi na mashuka mengi. Mtu akikuuliza nilipo, usihangaike kukumbuka mambo yangu. Yako hapo."

Bwana Rula alivuta karatasi. Akaisoma ameweka rula chini ya kila mstari, mstari kwa mstari, na kila rula iliposhuka Kobe aliona kama inashuka shingoni kwake. Ilipofika tarehe 19 ikasimama. Kisha bwana akachukua kalamu, akasaini ya kwanza, akasaini ya pili. Moja akaitupia kwenye trei. Nyingine akamrudishia.

"Andika fupi hivi hivi siku zote," akasema. "Kuna watu wananiandikia mahubiri."

Kobe akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa kifuani wa ovaroli. Siku zilizobaki za wiki ile akawa anaipapasa pale, kama mtu mwenye maumivu ya moyo.

Jumatatu tarehe 12 Bwana Rula aliteleza kwenye sakafu yake mwenyewe. Sabuni ilimwagika, hakuna aliyeiona, na mtu aliyepima kila kitu hakuipima hatua hiyo moja. Mguu ulivunjika. Walimbeba juu ya shuka lililokunjwa vizuri, naye akiwa katika maumivu yote yale alisema, wale walioshika wanaapa, kwamba kona moja imelegea. Watu walicheka baadaye. Kobe hakucheka. Alilitazama lile gari la wagonjwa likiondoka na mtu pekee aliyemwambia nenda.

Jumanne asubuhi akaja wa kukaimu. Alitoka idara ya vyumba, mwanamke kijana mwenye kiredio cha mawasiliano kiunoni kilichokoroma mchana kutwa, na kabla ya saa ya chai jina lilishapatikana: Dada Redio. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa, na mwoga akipewa cheo anafunga milango yote kwanza. Habari aliyokuja nayo ni kwamba baadhi ya wageni wa mkutano wanaingia mapema, Alhamisi, na kwamba kuanzia sasa hakuna mtu kuondoka. Akamrudisha binti kwenye kukunja.

Binti alimletea Kobe habari hiyo akiwa karibu kulia. Shuka lilikuwa limeingia nusu kwenye mtambo. Kobe aliliacha lipite, akazima, akaenda ofisini. Safari hii hakutafuta ndoo.

Alimweleza Dada Redio kwa heshima kwamba kesho anaanza likizo aliyopewa. Dada Redio akasema hajaambiwa na mtu. Kobe akasema alipewa na mzee mwenyewe. Yule dada akamwangalia kama anayesikia wimbo wa zamani, akasema kila mtu asubuhi hii amepewa kitu na mzee mwenyewe: mmoja amepewa zamu fupi, mwingine amepewa kuketi.

"Lakini tumuulize," akasema, akapiga simu, akaiweka sauti kubwa.

Upande wa pili sauti ilikuja nzito, imejaa dawa za maumivu. Dada Redio aliuliza kama Kobe alipewa likizo kuanzia kesho.

"Kobe?" Bwana Rula alisema. "Kobe haendi popote. Kobe yupo siku zote."

Simu ikafa.

Hakudanganya. Hilo Kobe alilijua hata pale. Mzee alisahau tu, kama mtu anavyosahau aliyempa maji ya kunywa. Mdomo uliotoa lile neno ndio huo sasa ulikuwa umelirudisha, bila chuki na bila habari.

"Nina karatasi," Kobe akasema. "Amesaini."

Akapapasa kifua. Mfuko ulikuwa laini. Akaingiza vidole, akatoa kidonge cheupe, kigumu, kidogo kama mbegu.

Ovaroli zote za wafanyakazi zilikuwa zimefuliwa mwisho wa wiki. Maji ya moto kabisa, dawa ya kung'arisha, kisha kukaushwa, kisha Shangazi akapitisha pasi juu ya mfuko ule kwa upendo wote. Huyu ndiye Kobe aliyewahi kutoa kwenye mifuko ya wageni funguo, meno ya bandia, na hata chura mmoja hai. Ukutani juu ya mashine ya kwanza kulikuwa na maandishi makubwa, KAGUA MIFUKO, na aliyeyapaka rangi ni yeye.

Alikiweka kile kidonge mezani. Dada Redio alikitazama, akamtazama Kobe, na usoni mwake mkaonekana huruma, ambayo ilimtisha Kobe kuliko ukali. Mtu anakuhurumia akishaamua.

"Pole, kaka," akasema. "Lakini kesho nakuhitaji."

Kobe hakutoka. Alisimama. Mbele ya macho yake palikuwa na jirani anayesaini akijiita kaka, na safari hii hata jirani yule alikuwa amehama. Kisha akakumbuka sauti ya Shangazi juu ya meza ya pasi: moja yako, moja ya mkubwa.

"Zilikuwa mbili, dada. Nyingine aliitia kwenye trei hii."

Trei ilikuwa tupu. Dada Redio, tumpe haki yake, alifungua droo moja baada ya nyingine. Rula za akiba, penseli, vikombe. Hapakuwa na karatasi hata ya kufungia karanga. Shangazi, ambaye alikuwa mlangoni kwa sababu alikuwa mlangoni siku zote, akasema kwamba huyo mzee hakai na karatasi, inamkera macho. Kila Ijumaa zote zinapanda juu kwa karani wa wafanyakazi.

Wakapanda ngazi, Dada Redio mbele, kiredio kikikoroma, Kobe nyuma akihesabu sala badala ya ngazi. Karani alikuwa mwanaume wa makamo aliyependa kazi yake polepole. Alisikiliza, akavaa miwani, akaivua akaifuta, akaivaa tena. Akafungua faili la mahudhurio. Kobe aliangalia vidole vile vikipekua na akatamani kuvisukuma kwa nyuma.

"Kobe hatuna," karani akasema.

Ndipo Kobe akataja jina lake kamili. Dada Redio aligeuka kumtazama, kama aliyetambulishwa kwa mtu mpya.

"Huyu tunaye." Karani akaitoa karatasi. Haikuwa na mkunjo hata mmoja. "Tarehe kumi na nne hadi kumi na nane. Imesainiwa. Siku nimeshazikata kwenye za mwaka."

Dada Redio aliisoma mara mbili. Akaanza kusema kuhusu wageni wa Alhamisi. Karani akasema kwa upole kwamba saini ni ya aliyekuwa na kiti, na kiti hakijabadilika, amebadilika anayekikalia tu. Kisha kidole cha Dada Redio kikashuka mpaka mstari wa mtambo, palipoandikwa binti wa kukunja, na Kobe akaona mabega ya yule dada yakilegea. Alichokuwa akikitafuta ni mtu wa mtambo, na mtu alikuwa ameandikwa.

"Huyo binti anauweza?"

"Anauweza, dada. Kamjaribu sasa hivi."

"Na Jumatatu asubuhi?"

"Imeandikwa. Nitakuwepo."

"Haya, nenda kwa mkeo."

Alhamisi asubuhi Kobe alisaini hospitali mahali walipomwonyesha, na herufi zilitoka kama mdudu aliyekanyaga wino. Walimchukua damu. Walimpitisha mkewe juu ya kitanda cha magurudumu, naye akamshika kidole kimoja tu, akamwambia asiizamishe shingo, watu watadhani amelazwa yeye. Milango ikafungwa. Shuka walilomfunika lilikuwa na mikunjo mibaya, na Kobe, kwa kuwa hakuna kingine alichoweza kukinyoosha duniani, aliwaza shuka lile.

Muuguzi alitoka akikimbia.

Kobe alisimama. Muuguzi alichukua ile damu akarudi nayo ndani. Korido ilikuwa ndefu na nyeupe, na Kobe alibaki katikati yake akiwa na pamba mkononi, akijua kwamba leo angalau, chochote kikija, hakitamkuta amefungiwa simu kabatini.

Kilichokuja kwanza ni kilio, cha hasira, cha mtu aliyeamshwa. Habari za mama zilichelewa zaidi. Ilifika mchana ndipo daktari alipotoka akasema damu ilimtoka sana lakini wameizuia, na kwamba ile iliyokuwa tayari ndiyo iliyosaidia. Kobe aliitikia kwa kichwa, kama siku ile ya kwanza, kisha akakaa chini sakafuni, taratibu, maana magoti yalikuwa yamekwenda likizo bila kuaga.

Jumapili mkewe bado alikuwa dhaifu. Kobe alizunguka kitanda akisema labda Jumatatu asiende, nani atajua. Mkewe akamwuliza karatasi inasemaje. Kobe akasema inasema Jumatatu. "Basi," mkewe akasema. "Dada yangu anakuja kukaa nami. Wewe nenda ukawe mtu wa neno lako, tutaihitaji tena hiyo saini."

Jumatatu zamu ya asubuhi mtambo ulikuwa unameza mashuka ya hoteli nzima, na Kobe alikuwa mbele yake. Alipomaliza fungu la kwanza na chai ikaingia ofisini, aliinuka akaifuata. Hofu ilikuwepo bado, ila alitangulia yeye.

"Dada, nina ombi," akasema. "Mke wangu anatoka hospitali kesho. Naomba wiki hii niwe natoka saa moja kabla ya zamu kuisha. Binti atamalizia, nimeshaongea naye, na wiki ijayo nitamfidia."

Dada Redio alifikiri, kiredio kikakoroma, akakipunguza sauti. Akasema sawa, mpaka Ijumaa. Kisha, kabla Kobe hajafungua mdomo, akamsogezea kalamu na karatasi mbili.

"Ukimaliza," akasema, "yako usiitie mfukoni."